Jani moja la mchicha, vimiminika viwili: jinsi ya kutenganisha rangi kwa karatasi

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinijia mbio na utepe wa karatasi mkononi. "Mwalimu, mchicha una rangi ya zambarau!" Nikauchukua utepe nikautazama. Kweli, juu ya kijani na manjano palikuwa na wingu la zambarau. Nikamwuliza mstari wa mwanzo aliupiga kwa kitu gani. "Kalamu ya wino, Mwalimu." Basi zambarau ile ilitoka kwenye kalamu yake. Asetoni aliyoitumia kuzipandisha rangi za jani ilikuwa imeyeyusha pia wino wa ule mstari na kuupandisha pamoja nazo.

Sikumlaumu, maana bila kukusudia alikuwa ametuonyesha jambo ambalo jaribio hili zima linalizunguka. Rangi haipandi kwa sababu karatasi imelowa tu. Hupanda ikiwa kimiminika kilichopita hapo kinaweza kuiyeyusha. Wino wa kalamu yake usingesogea hata kidogo kwenye maji, lakini kwenye asetoni ulikimbia. Ndiyo maana katika mwongozo huu tutafanya kazi kwa vimiminika viwili. Tutaanza na makapeni kwa maji, ili mkono uzoee. Kisha tutachukua jani la mchicha mwekundu tulipandishe mara mbili, mara moja kwa maji na mara ya pili kwa mchanganyiko wa maabara, tuone rangi zipi zinakubali kusafiri na kila kimoja.

Njia hii inaitwa kromatografia ya karatasi. Aliyeanzisha kromatografia ni Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea wa Urusi, aliyeeleza njia yake mwaka 1903 mjini Warszawa. Yeye hakutumia karatasi. Alijaza unga wa chaki kwenye mrija wa kioo, akamimina juu yake rangi alizozikamua kutoka kwenye majani, akaziona zikijipanga kwa tabaka. Karatasi ilikuja baadaye, miaka ya 1940, kwa kazi ya Archer Martin na wenzake huko Uingereza. Martin na Richard Synge walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1952. Kwa hiyo jani tunalotaka kulitenganisha ni la zamani katika kemia hii kuliko karatasi yenyewe.

Karatasi inafanya nini

Karatasi ya kuchujia imetengenezwa kwa selulosi, kitu kile kile kilichomo kwenye pamba. Selulosi inapenda maji. Hata karatasi unayoiona kavu kabisa ina maji kidogo yaliyoshikamana na nyuzi zake. Kimiminika kinapopanda katikati ya nyuzi hizo, kila chembe ya rangi inavutwa pande mbili: karatasi na maji yake yanaishika, kimiminika kinaibeba.

Fikiria watu walioondoka stendi moja wakati mmoja, wote wakielekea mji mmoja kwa daladala za mwendo ule ule. Mmoja hashuki njiani. Mwingine anashuka kila kituo, anakaa kidogo, kisha anapanda gari linalofuata. Jioni wa kwanza amefika, wa pili bado yuko nusu ya njia. Rangi zinafanya hivyo hivyo. Inayoshuka mara nyingi, yaani inayoshikwa sana na karatasi, hubaki nyuma. Inayokaa muda mrefu ndani ya kimiminika huwa mbele. Na ile ambayo kimiminika hakiwezi kuibeba kabisa haiondoki stendi.

Kimiminika kinachopanda tutakiita kiyeyushi.

Vifaa

Karatasi ndiyo ya kuhangaikia kwanza. Ya kuchujia ya maabara, Whatman namba 1, inafaa kuliko zote kwa kuwa nyuzi zake ni sawa na kiyeyushi hupanda bila kupinda. Ukikosa, karatasi ya kuchujia kahawa inayouzwa kwenye maduka makubwa inatosha kwa kazi ya wino, na kwa jani inajitahidi. Karatasi ya daftari usiipotezee muda. Hutiwa dawa kiwandani ili wino usisambae, na kusambaa ndiko tunakokutafuta. Karatasi ya chooni nayo hunywa kiyeyushi kwa kasi mno na kukatika ikilowa.

Kata tepe za upana wa sm 3 na urefu wa sm 13 hivi. Zishike kwenye kingo tu, kwa kuwa mafuta ya vidole huziba nyuzi na kufanya kiyeyushi kipande kwa kupinda.

Chombo kiwe kirefu, cha kioo, chenye mfuniko: chupa tupu ya kahawa au ya jamu iliyooshwa na kukaushwa vizuri. Utahitaji pia penseli, rula, kijiti cha kuning'inizia utepe mdomoni mwa chupa, kibanio au kipande cha selotepu, na sarafu yenye ukingo mgumu.

Mkono uzoee kwanza: wino wa makapeni

Anza na makapeni nyeusi ya kuchorea ya watoto, ile inayotoka nguoni kwa maji. Kabla ya yote ipime: chora mstari kwenye kipande cha karatasi ya kuchujia, uuguse kwa kidole kilicholowa. Ukisambaa, maji yanatosha. Usiposambaa, hiyo ni ya kudumu au ya ubao mweupe, na itahitaji spiriti ya dawa badala ya maji.

Piga mstari wa penseli sm 2 kutoka ncha ya chini ya utepe. Risasi ya penseli ni kaboni, haiyeyuki kwenye maji wala asetoni, kwa hiyo itabaki pale pale ulipoichora. Maandishi mengine yote unayotaka kuyaweka kwenye utepe, jina la kalamu au tarehe, yaandike kwa penseli pia, na yaandike juu kabisa.

Katikati ya mstari huo weka nukta ya wino. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo twende polepole. Nukta iwe na upana wa mm 2, sawa na kichwa cha pini. Gusa karatasi kwa ncha ya makapeni na kuinua mara moja, usiikandamize. Subiri ikauke, uipulize ukitaka, kisha gusa tena pale pale. Fanya hivyo mara tatu au nne. Unatafuta wino mwingi mahali padogo. Nukta ya upana wa mm 8 itatoa madoa ya upana wa mm 8 na zaidi, na rangi zinazopishana kwa mm 5 zitalaliana ushindwe kuzitofautisha.

Mimina maji kwenye chupa yafike kimo cha sm 1 tu. Ning'iniza utepe ili ncha yake iguse maji, lakini mstari wa penseli ubaki juu ya maji. Nukta ikizama, wino utayeyukia ndani ya chupa na utaona maji yakigeuka rangi huku karatasi ikibaki tupu. Utepe usiguse ukuta wa chupa, maana pale unapogusa maji hupanda haraka zaidi na rangi huenda upande. Funika, kisha acha chupa itulie. Kuinua-inua ili kuona vizuri kunavuruga.

Maji yakifika sm 2 kutoka ncha ya juu, toa utepe. Papo hapo, kabla hujafanya kitu kingine, weka alama ya penseli mahali maji yalipofika. Huo ndio mpaka wa kiyeyushi, na utepe ukishakauka hauonekani tena. Nimeona vikundi vilivyofanya kila kitu sawasawa wakakosa hesabu yao kwa sababu ya alama hiyo moja tu.

Wino mweusi wa makapeni nyingi umechanganywa kwa rangi tatu au zaidi, kwa kawaida za jamii ya buluu, nyekundu au waridi, na manjano. Kila moja tunaipa kipimo kinachoitwa Rf:

```
Rf = umbali wa rangi / umbali wa kiyeyushi
```

Umbali wote miwili hupimwa kuanzia mstari wa penseli. Usianzie ncha ya karatasi. Rangi ipimwe hadi katikati ya doa lake. Chukua utepe mmoja niliopima darasani: maji yalisafiri sm 8.5, buluu ilikuwa sm 7.4, manjano sm 6.3 na waridi sm 4.6. Rf ya buluu ni 7.4 gawanya kwa 8.5, yaani 0.87. Ya manjano ni 0.74 na ya waridi 0.54. Rf haiwezi kuzidi 1, kwa kuwa rangi haiwezi kumpita anayeibeba. Ukipata 1.2, umepima kutoka mahali tofauti au umegawanya kinyumenyume.

Ukifanya makapeni nyeusi za viwanda viwili, usitazame rangi peke yake unapolinganisha. Buluu mbili zinazofanana machoni zinaweza kuwa dutu tofauti, na Rf ndiyo itakayokuambia. Lakini ziwekwe kwenye karatasi moja, chupa moja, wakati mmoja, kwa nafasi ya sm 2 kati ya nukta na nukta. Karatasi ikibadilika, au joto la chumba, namba nazo husogea kidogo.

Jani kwa maji

Sasa mchicha. Tafuta ule mwekundu, wenye majani ya zambarau iliyoiva. Ukikosa, tumia jani la bitiruti lenye mishipa mekundu. Majani yawe yamechumwa siku hiyo. Yaoshe, kisha yafute hadi yasibaki na tone la maji.

Sababu ya kutaka mwekundu ni hii. Ndani ya jani hilo mna rangi za aina mbili zinazoishi vyumba tofauti vya seli. Umbijani wa kijani na jamaa zake wa manjano wamo ndani ya kloroplasti, wamezama kwenye utando wenye asili ya mafuta. Rangi nyekundu imo kwenye maji ya seli, imeyeyuka humo kama sukari kwenye chai. Rangi hiyo ni ya kundi la betalaini, kundi lile lile linaloipa bitiruti wekundu wake na bogonvilia zambarau yake.

Kupeleka rangi hizo kwenye karatasi tutatumia sarafu, bila kutwanga chochote. Andaa tepe mbili zenye mstari wa penseli sm 2 kutoka chini. Laza jani juu ya utepe, upande wake wa chini ukigusa karatasi, kisha bingirisha ukingo wa sarafu juu ya jani kufuata mstari wa penseli, ukikandamiza kwa nguvu. Inua jani: utaona mstari mwembamba wa kijani na nyekundu umebaki kwenye karatasi. Acha ukauke kwa dakika moja au mbili. Sogeza jani ili sehemu ambayo haijapondwa ikae juu ya mstari, ukandamize tena. Rudia mara nane hadi kumi. Kazi inachosha, lakini mstari hafifu utatoa rangi hafifu, na manjano ndiyo ya kwanza kupotea. Ukimaliza, mstari uwe mzito karibu na weusi, na usizidi upana wa mm 3.

Utepe wa kwanza uweke kwenye chupa ya maji, kama ulivyofanya kwa makapeni.

Utaona nyekundu ikiachana na mstari na kupanda kama ukungu wa waridi. Kijani kinabaki chini. Pengine kitasogea kidogo, mm 1 au 2, kwa kuwa vipande vidogo vya kloroplasti husukumwa na maji, lakini hakitapanda kama rangi iliyoyeyuka. Unaweza kusubiri hata saa nzima. Umbijani una mkia mrefu wa kaboni na haidrojeni usiokubaliana na maji, kwa hiyo maji yanapita hapo yakiuacha.

Weka alama ya mpaka, kausha, weka kando kivulini.

Jani lile lile kwa mchanganyiko wa maabara

Kwa utepe wa pili tunahitaji kiyeyushi kinachopatana na mafuta. Mchanganyiko ninaoutegemea ni sehemu 9 za etha ya petroli na sehemu 1 ya asetoni: kwa chupa moja, ml 9 kwa ml 1. Heksani inaweza kuchukua nafasi ya etha ya petroli.

Hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu jina linapotosha. Etha ya petroli ni kimiminika cha maabara kilichosafishwa. Petroli ya pikipiki si mbadala wake. Ile ya kituo cha mafuta ina benzini, ambayo ni sumu, ina viambato vya injini, na mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu. Mafuta ya taa nayo hayafai: hayakauki upesi na yanaacha karatasi na utando wa mafuta. Kama shule haina etha ya petroli wala heksani, soma sehemu ya spiriti hapo chini. Usitafute mbadala kwenye dumu la bodaboda.

Asetoni na etha ya petroli zote mbili zinawaka kwa urahisi sana, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa mezani na sakafuni hadi ufikie moto ulio mbali. Kazi hii ifanyike mwalimu akiwepo, madirisha yakiwa wazi, pasiwe na kibatari, jiko, mshumaa wala taa ya spiriti chumbani humo. Mimina ml 10 tu unazohitaji na ufunge chupa kubwa kabla hujaanza. Ukimaliza usimwage kwenye sinki. Acha mabaki yakauke kwenye sahani nje, mahali pa upepo, mbali na watu na moto.

Mimina mchanganyiko kwenye chupa iliyo kavu kabisa, weka na kipande cha karatasi ya kuchujia kikiegemea ukutani, funika, subiri dakika 10. Kipande hicho kinajaza chupa mvuke. Bila mvuke, kiyeyushi kinachopanda kwenye utepe kinakauka njiani, na kwa kuwa vimiminika vyake viwili havikauki kwa kasi moja, mchanganyiko unabadilika kadiri unavyopanda. Baada ya hapo ning'iniza utepe haraka bila kugusa ukuta wala kile kipande, funika, tulia. Kimiminika hiki kinapanda upesi kuliko maji. Kaa hapo hapo ukitazama, kwa dakika kumi hivi kinaweza kuwa kimefika juu.

Kwanza utaona kijani chote kikinyanyuka kwa pamoja. Kisha juu yake inachomoza manjano yenye chembe ya rangi ya chungwa, inakwenda na mpaka wa kiyeyushi karibu bega kwa bega. Hiyo ni karotini. Nyuma yake manjano nyingine, iliyopauka zaidi: zantofili. Chini yake kijani chenye ubuluu, umbijani *a*, na nyuma kabisa kijani chenye umanjano, umbijani *b*. Wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kufikiri kwamba kijani cha jani ni vijani viwili, na hapo ndipo vichwa huinama juu ya chupa.

Kisha mmoja huuliza, "Mwalimu, mbona nyekundu haijapanda?" Ipo chini, kwenye mstari wa penseli, haijasogea. Ile ile iliyokimbia kwenye maji.

Namba za utepe mmoja mzuri: kiyeyushi sm 9.0, karotini sm 8.6, zantofili sm 6.4, umbijani *a* sm 5.7, umbijani *b* sm 4.0. Rf zake kwa mpangilio huo ni 0.96, 0.71, 0.63 na 0.44. Betalaini ni 0. Zako zinaweza kutofautiana na hizi, lakini mpangilio wenyewe usibadilike.

Mpangilio huo una sababu yake ndani ya fomula. Karotini ni C₄₀H₅₆, kaboni na haidrojeni tupu. Haina kitu cha kushikana na maji ya karatasi, ndiyo maana haishuki kituo chochote. Luteini, zantofili iliyo nyingi zaidi kwenye majani, ni C₄₀H₅₆O₂: karotini iliyoongezewa oksijeni mbili, na kwa oksijeni hizo inashikwa kidogo. Umbijani *a* ni C₅₅H₇₂MgN₄O₅, na *b* ni C₅₅H₇₀MgN₄O₆. Tofauti ya hao wawili ni kwamba mahali ambapo *a* ina CH₃, *b* ina CHO. Badiliko dogo kama hilo kwenye chembe yenye atomi zaidi ya 130 linaonekana kwa macho kwenye karatasi ya kuchujia. Na betalaini, iliyojaa oksijeni na yenye sukari imeshikamana nayo, inakwama palepale. Usichukue kuhesabu oksijeni kuwa kanuni ya kila dutu, maana umbo la chembe nalo lina sauti, ila kwa rangi hizi tano hesabu inakubali.

Kama una spiriti tu

Spiriti ya dawa itapandisha kijani, lakini inabeba rangi zote za mafuta kwa nguvu karibu sawa, kwa hiyo mara nyingi utapata ukanda wa kijani wenye pindo la manjano, basi. Inatosha kuonyesha kwamba kuna zaidi ya rangi moja. Usiandike kwenye ripoti kwamba umeona nne.

Kuwa mwangalifu na spiriti ya kuwashia. Inayouzwa madukani mara nyingi hutiwa rangi ya zambarau makusudi watu wasiinywe, na zambarau hiyo itapanda kwenye utepe wako na kujifanya rangi ya jani. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha nayo ina asetoni wakati mwingine, lakini mara nyingi imetiwa rangi, manukato na mafuta. Kwa kimiminika chochote cha dukani fanya jaribio la tone: dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ya kuchujia, acha likauke. Likiacha rangi au alama ya mafuta, kirudishe. Na hata kikifaulu jaribio hilo, masharti ya moto ni yale yale.

Utepe ukiharibika, unakuambia nini

Madoa yenye mikia mirefu inayoshuka hadi chini yanamaanisha rangi ni nyingi kuliko karatasi inavyoweza kugawa, au mstari haukukauka kati ya kukandamiza na kukandamiza. Punguza mara za sarafu, ongeza dakika za kukausha. Kwenye jani unyevu ni adui mkubwa, kwa kuwa etha ya petroli haichanganyiki na maji: mstari uliolowa unaipinga kuingia.

Mpaka wa kiyeyushi uliopinda, juu upande mmoja, unasema utepe uligusa chupa, au ulining'inia kombo, au vidole vilipita katikati yake. Kila kitu kikiwa kimerundikana juu kabisa, uliuacha utepe muda mrefu hadi kiyeyushi kikagonga mwisho wa karatasi na rangi za nyuma zikapata nafasi ya kuzifikia za mbele. Huo hauwezi kuokolewa. Rudia.

Kuna moja zaidi inayowababaisha hata walimu: mstari wa kijivu unaotokea kati ya karotini na manjano ya pili. Hiyo ni feofitini, umbijani uliopoteza magnesi yake. Asidi iliyomo ndani ya jani lenyewe inatosha kuing'oa, hasa jani likiwa limenyauka, limepondwa na kuachwa, au limepashwa moto. Umeshaiona jikoni: mchicha uliochemka mno unageuka rangi ya zeituni, na mpishi anayetia magadi kidogo kwenye mboga anapunguza asidi ili kijani kisife. Kwa jaribio letu dawa ni jani bichi la siku hiyo hiyo na kazi ya haraka. Mkiona kijivu, msikifute kwenye ripoti. Kiandikeni, mkadirie Rf yake, na mseme jani lilichumwa saa ngapi.

Kwa kundi linalotaka kwenda mbele kidogo: chemsheni jani moja la mchicha kwa dakika 10, lifuteni likauke, mlikandamize kwa sarafu kwenye utepe mmoja kando ya jani bichi, sm 1.5 kati yao, na mpandishe kwa ule mchanganyiko wa 9 kwa 1. Kabla hamjatumbukiza utepe, kila mmoja aandike kwa penseli anatarajia kijivu kiwe upande upi, na nyekundu itakuwa imekwenda wapi. Mtakaoangalia sufuria kwa makini mtakuwa na jibu la nyekundu mapema.

Tepe zote zibandike kwenye daftari siku hiyo hiyo, ule wa maji na ule wa etha ubavu kwa ubavu, mistari ya penseli ikiwa sawa. Zungushia kila doa kwa penseli na uandike rangi yake kwa maneno, kwa kuwa umbijani na karotini hupauka zikikaa kwenye mwanga, na baada ya siku chache za dirishani mtakuwa na karatasi nyeupe yenye duara tano.